Mgongo wa Shangazi na Mwaka Nilioahirisha Udaktari

Baba yangu ni afisa tabibu katika zahanati moja iliyo mlimani, juu ya mji wa Moshi, na watu wa kijiji chetu humwita daktari ingawa yeye mwenyewe hujitahidi kuwaeleza tofauti. Tabibu husoma stashahada ya miaka mitatu, ilhali daktari husoma miaka mitano chuoni na kuongeza mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kupewa usajili kamili. Miaka hiyo ya ziada ndiyo baba aliyoikosa. Babu alikuwa akisomesha kwa kahawa, kama zilivyofanya kaya nyingi za Kilimanjaro tangu wakulima walipounda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Mwaka 1989 mgawo wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulisitishwa, bei ikaporomoka, na baba alipoanza kazi miaka michache baadaye mshahara wake ukageuka kuwa karo ya wadogo zake. Hamu ya kurudi darasani haikumtoka. Aliihamishia kwangu, kifungua mimba wake, tangu siku nilipopata alama nzuri ya baiolojia kidato cha pili.

Nimeanza na habari za baba kwa makusudi, kwa kuwa mgogoro wetu haueleweki bila hizo. Aliponiambia kwamba udaktari ni mkate wa uhakika, alikuwa akizungumza mtu aliyeona shamba zima la kahawa likishindwa kulipa karo ya mtoto mmoja. Kwake yeye, kazi isiyokuwa na cheti wala mwajiri ilifanana na ile kahawa: leo ina bei, kesho haina. Hofu hiyo ilinichukua muda mrefu kuijibu, kwa sababu kwa miaka mingi nilidhani ninachotakiwa kumwonyesha ni jinsi ninavyoipenda kazi ya ubunifu wa mavazi, kumbe hilo alikuwa analijua tangu nikiwa mdogo na halikuwa swali lake.

Nilichukua mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, nikafaulu, nikapata nafasi ya shahada ya udaktari pamoja na mkopo wa serikali. Mwaka wa kwanza niliumaliza vizuri. Anatomia niliipenda kweli, na hadi leo naishukuru. Lakini kila Jumamosi nilikuwa napanda daladala hadi soko la Kiborloni, ambako mitumba humwagwa chini kwa marundo, nikatafuta majaketi na magauni yaliyoshonwa vizuri hata kama yamechanika au yana madoa. Nikirudi nyumbani nilichukua wembe na kufumua mshono mmoja baada ya mwingine, nikapiga pasi kila kipande, nikakilaza juu ya karatasi ya kaki na kukichora. Kwa njia hiyo nilijifunza kwamba mkono wa koti zuri huwa na vipande viwili, kimoja kikubwa cha juu na kingine chembamba cha chini, na kwamba vipande hivyo hukatwa vikiwa vimejipinda kidogo kwa sababu mkono wa binadamu ukining'inia haunyooki, bali huelekea mbele. Mafundi wengi wa mitaani hukata mkono wa kipande kimoja kilichonyooka, na ndiyo maana koti hukunjamana kwenye kiwiko hata likiwa jipya.

Nilipomwambia mama kwamba nataka kuiacha tiba nikasomee ubunifu, alinyamaza, kisha akasema niandae maneno ya kumwambia baba kwa sababu yeye hatayabeba. Baba alisikiliza hadi mwisho. Swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, huo ubunifu unaousema, mtu mwingine akiutazama atajuaje kwamba wewe unaujua na fundi wa pale barabarani haujui?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Tulikubaliana nimwombe mkuu wa kitivo kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, jambo ambalo kanuni za chuo huruhusu kwa kibali, na kwamba mwishoni mwa mwaka huo nitaleta majibu ya maswali mawili mbele ya familia, Desemba, wakati ndugu wote wamepanda mlimani kwa Krismasi. Swali la kwanza lilikuwa hilo la ujuzi. La pili lilikuwa la fedha: je, kazi hii inaweza kumlisha mtu miezi yote kumi na miwili? Baba mdogo, ambaye ni mhasibu, aliongeza sharti kwamba majibu ya fedha yawe kwenye daftari, yasiwe ya mdomo.

Nilijiunga na kozi ya ushonaji na ubunifu katika chuo cha ufundi, na mchana nikawa nafanya kazi chini ya fundi mmoja mwanamke mjini, mtu mkali kuhusu pasi na mvivu wa kusifu. Kwake nilipata oda ambayo ndiyo kiini cha simulizi hii. Ukoo wetu ulikuwa na sendofu, na akina mama kumi na wanne walichagua kuvaa sare ya kitenge kimoja. Kitenge huuzwa kwa vipande vya yadi 6, yaani kama mita tano na nusu, na upana wake hukaribia sentimita 115. Kazi ya sare inaonekana nyepesi kwa sababu kitambaa ni kimoja na mtindo ni mmoja, ila miili ni kumi na minne, na hapo ndipo ujuzi hujulikana.

Desturi ya mafundi wengi ni kuchukua kifua, kiuno, nyonga, bega na urefu, kisha kukata. Vipimo hivyo huficha jambo kubwa. Katika kundi lile walikuwamo wawili wenye kifua cha sentimita 104 kila mmoja. Mmoja alikuwa na mgongo mpana na matiti madogo, na mwenzake alikuwa na mgongo mwembamba na matiti makubwa. Utepe unaozunguka mwili mzima hauwezi kuwatofautisha hata kidogo. Ukiwakatia nguo moja, wa kwanza atabanwa kwapani kila anaponyoosha mikono mbele, na wa pili utaona mikunjo ya mshazari ikivutwa kutoka kwenye ncha ya titi kuelekea kwapa, huku pindo la gauni likipanda mbele. Kwa hiyo nilipima kifua mara mbili, mbele peke yake na nyuma peke yake, kutoka mshono wa ubavu mmoja hadi wa pili. Kisha nilipima urefu wa mgongo kutoka mfupa wa shingo unaojitokeza hadi kiunoni, na urefu wa mbele kutoka mahali shingo inapokutana na bega, utepe ukipita juu ya titi hadi kiunoni. Vipimo hivi viwili vya urefu ndivyo vinavyoeleza jinsi mtu anavyosimama.

Kabla ya kukata, nilikata kipande cha kitenge cha sentimita 50 kwa 50, nikakifua kwa maji ya moto, nikakianika na kukipiga pasi. Kwa upande wa urefu wa kitambaa kilirudi sentimita 48 na nusu. Hiyo ni asilimia 3. Gauni la sentimita 120 lingepungua zaidi ya sentimita 3 na nusu likifuliwa mara ya kwanza, na mama aliyeagiza nguo ifike chini ya goti angejikuta inaishia juu yake. Tulivifua vitenge vyote kwanza. Fundi wangu alilalamika kuhusu muda, na bado naamini ile nusu siku ilikuwa halali yake.

Miongoni mwa wale kumi na wanne alikuwamo shangazi, dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyebeba majani ya ng'ombe na kuchuma kahawa wakati mdogo wake akisoma, na neno lake nyumbani kwetu lina uzito wa pekee. Mgongo wake umepinda mbele kwa miaka mingi sasa. Hospitali walimweleza kwamba mifupa imepungua uimara, na pingili za uti wa mgongo zimebonyea upande wa mbele, zikawa kama kabari, ndiyo sababu kifua kimeinama. Tangu hapo kila nguo aliyoshonewa ilikuwa ikipanda nyuma na kulala mbele, shingo ikimkaba koo, naye akazoea kujifunika khanga mabegani hata kanisani. Alipokuja kupimwa aliniambia nisijisumbue, nimkatie tu kubwa.

Kumkatia kubwa ndiko kulikokuwa kukimharibia. Nguo ikiongezwa upana haipati urefu, na yeye tatizo lake lilikuwa urefu. Kiolezo cha kawaida cha saizi yake kilikuwa na sentimita 41 za mgongo na 43 za mbele. Yeye alikuwa na 45 nyuma na 40 mbele. Mgongo ulihitaji sentimita 4 zaidi na mbele ulihitaji kupunguzwa sentimita 3, mambo mawili yanayokwenda kinyume katika mwili uleule.

Nilikichukua kiolezo cha nyuma nikachora mstari wa mlalo kwenye usawa wa mifupa ya mabega, kuanzia katikati ya mgongo hadi kwenye tundu la mkono. Nilikata mstari huo nikaacha uzi mdogo wa karatasi mwishoni, kwenye tundu la mkono, kisha nikafungua katikati kwa sentimita 4. Kwa kuwa upande wa tundu la mkono ulikuwa umeshikana, tundu lilibaki na ukubwa wake na mshono wa ubavu haukuongezeka. Upande wa katikati ulijipinda kama mgongo wenyewe, kwa hiyo nikaweka mshono katikati ya mgongo ufuate ule mpindo, na zipu nikaihamishia ubavuni, kwa sababu zipu iliyopita juu ya mgongo uliopinda hujikunja na kumchoma mtu akiegemea kiti. Mbele nilifanya kinyume: nilikunja karatasi kwa sentimita 3 katikati ya kifua, mkunjo ukipungua hadi sifuri ulipofika ubavuni. Lazima upungue hadi sifuri. Ukikunja sawasawa toka upande hadi upande, mshono wa ubavu wa mbele utakuwa mfupi kuliko wa nyuma, na vipande havitakutana. Mwisho nilisogeza mshono wa bega mbele kwa sentimita moja na nusu, kwa maana mabega yake yameelekea huko.

Gauni la kwanza nililishona kwa marekani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu, nikalichora mistari miwili ya penseli, mmoja kifuani na mmoja kiunoni, kuzunguka mwili mzima. Mistari hiyo ndiyo shahidi. Mtu akivaa na kusimama anavyosimama siku zote, mistari inatakiwa iwe sambamba na sakafu. Ukipanda nyuma, mgongo haujapata urefu wa kutosha. Ukishuka mbele, mbele pamezidi. Mara ya kwanza mstari wa kiuno wa shangazi ulipanda nyuma kidogo, kama sentimita moja. Nilifungua tena karatasi, nikaongeza, nikashona upya, na mara ya pili mstari ulitulia.

Siku ya jaribio lile la pili baba ndiye aliyemleta shangazi kwa gari, akakaa kwenye benchi kusubiri. Aliona mistari ya penseli akauliza ni ya nini. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, nikamwonyesha karatasi iliyokatwa na mahali ilipofunguliwa. Alisimama, akamzunguka dada yake, akauliza kwa nini nimefungua kwenye usawa wa mabega na si chini zaidi. Nilimjibu kwamba mpindo wa shangazi kilele chake kiko pale, na kwamba kama ungekuwa chini, mkato nao ungeshuka. Akauliza vilevile itakuwaje mgongo ukiendelea kupinda. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na jibu langu lilikuwa kwamba nimeacha akiba ya sentimita 3 ndani ya pindo la nyuma, na kwamba mpindo ukizidi hapo nguo itahitaji kipande kipya cha mgongo. Nguo ina mipaka. Haiponyi mfupa, na sikutaka shangazi afikirie hivyo. Baba aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye benchi.

Kwa upande wa ujuzi, basi, nilikuwa nimempa jibu ambalo yeye mwenyewe angeweza kulikagua. Upande wa fedha ulikuwa mgumu zaidi. Kwa kila gauni la sare ile tulitoza ufundi wa shilingi 35,000, mteja akija na kitambaa chake. Bitana ilichukua 4,000, marekani ya majaribio 2,000, overloki 1,500, na zipu, uzi na kitambaa kigumu cha shingoni 1,000 kila kimoja. Umeme wa pasi na cherehani tuliukadiria 500. Jumla ni 11,000, na kinachobaki ni 24,000. Kwa magauni kumi na manne hiyo ni 336,000. Kila gauni lilichukua takribani saa sita pamoja na majaribio, kwa hiyo saa moja ya kazi ilikuwa na thamani ya 4,000. Baba mdogo alipoliona daftari hakupinga hesabu hiyo. Alichouliza ni kodi ya chumba iko wapi, na pia zile saa ambazo mteja hakufika kwa miadi.

Alikuwa na haki. Nilipoingiza kodi na saa zilizopotea, thamani ya saa ilishuka karibu na nusu. Daftari lilionyesha pia jambo ambalo nisingeliamini kwa kumbukumbu tu. Kazi za sherehe hujaa Desemba na katikati ya mwaka, kisha wakati wa Kwaresima, ambapo makanisa yetu mengi hayafungishi ndoa, oda hukauka. Januari hushikiliwa na sare za shule, kazi yenye faida ndogo lakini ya uhakika. Februari na Machi zilikuwa kurasa karibu tupu. Nilizipeleka mbele ya familia zikiwa hivyo hivyo, kwa sababu ukurasa mmoja uliofichwa ungemfanya baba mdogo atilie shaka kurasa zote.

Katika kikao cha Desemba nilipendekeza mambo mawili yaliyotokana na zile kurasa tupu. La kwanza lilikuwa kuchukua nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa, ili anayechelewa kuchukua nguo asiondoke na mtaji wangu. La pili lilikuwa kutumia miezi mikavu kushonea wateja ambao mafundi huwakwepa: wazee wenye migongo kama ya shangazi, watu ambao bega moja liko chini kuliko jingine, mama aliyeondolewa titi baada ya saratani. Hawa hawangoji sendofu. Wanahitaji nguo ya kwenda kanisani, msikitini na kliniki wakati wowote wa mwaka, nao wakipata inayokaa vizuri hurudi na kuleta wenzao. Shangazi hakuchangia sana. Alisema tu kwamba tangu apate lile gauni hajavaa khanga mabegani, kisha akamwambia baba, "Huyu mtoto usimrudishe kwa nguvu."

Ningependa kuandika kwamba mama alifurahi. Hakufurahi. Kwake, jirani zake walikuwa wameshazoea kusikia kwamba ana binti anayesomea udaktari, na alijua atakavyoulizwa. Namheshimu kwa kusema hilo waziwazi mbele ya watu, na maumivu yake hayajaisha. Hadi leo mgeni akiuliza ninafanya nini, yeye hunitazama ili nijibu mwenyewe. Baba alitoa uamuzi wake kwa masharti. Nikiacha chuo, niandike barua rasmi badala ya kutoweka kimyakimya hadi kufutwa; nikamilishe mtihani wa ngazi inayofuata ya ufundi; na mkopo wa mwaka wa kwanza niulipe mimi, kwa kuwa deni hilo halifutiki kwa sababu mwanafunzi amebadilisha njia. Nilikubali yote matatu, na barua niliiandika wiki hiyo hiyo.

Sasa nina chumba karibu na soko la Mbuyuni na cherehani mbili, na msichana mmoja ninayemfundisha. Violezo vya migongo iliyopinda nimevitengeneza vitatu, kwa mpindo mdogo, wa kati na mkubwa, kila kimoja kikiwa na alama ya mahali pa kufungulia karatasi, na baba ndiye aliyenisaidia kupanga viwango hivyo kwa kuangalia wazee wanaokuja zahanati kwake, bila kunitajia jina la yeyote. Wengine huwaelekeza kwangu. Rejesho la mkopo ndilo mstari wa kwanza ninaouandika kila mwezi kwenye daftari, juu ya kodi ya chumba, na Machi iliyopita, mwezi uliokuwa mtupu, ulilipika kwa magauni matano ya wazee.